Daftari la Zawadi Katika Harusi ya Mdogo Wangu

Katika sendofu ya dada yetu, kadi zilibanduka kwenye maboksi wakati wa kuyapakia garini, na bahasha zilifunguliwa usiku uleule na watu wengi kwa pamoja, hivyo tukamshukuru shangazi kwa seti ya vyombo ambayo kumbe ilitoka kwa jirani.

Mdogo wetu alipooa, niliketi mlangoni na binamu yangu tukiwa na kaunta buku na stika za namba. Kila zawadi ilibandikwa namba kwenye boksi lenyewe, wala si kwenye karatasi ya kufungia, na namba hiyo ikaandikwa daftarini pamoja na jina kamili na simu ya mtoaji kabla haijafika mezani. Bahasha zilipewa namba zikiwa zimefungwa. Kesho yake mmoja alizifungua na kuhesabu, mwingine akaandika kiasi.

Zawadi zilizotolewa jukwaani ndizo zilizotuponyoka, kwa kuwa wageni walizipeleka moja kwa moja kwa maharusi. Tulipolinganisha namba nyumbani, maboksi mawili hayakuwa na stika. Tuliwatambua watoaji wake kwenye video ya sherehe.