Siku moja maishani mwangu: mtu wa takwimu kituoni, tuhuma ya kipindupindu, na safu moja iliyotuonyesha dago, kambi ya wavuvi

Saa 12 asubuhi nipo kituoni, kando ya Ziwa Tanganyika. Kabla hata ya chai nachukua laini listi kwa dada muuguzi wa zamu ya usiku, yaani ile karatasi ambayo kila mgonjwa ana mstari wake mmoja: namba, jina, umri, jinsia, anapotoka, siku aliyoanza kuugua, siku aliyofika, upungufu wa maji, kipimo, matokeo. Jana jioni niliacha mistari 15, leo naikuta 17. Majibu ya kuotesha vimelea maabara bado, kwahiyo kila mtu bado anaandikwa "anatuhumiwa", na kipimo cha haraka hata kikisoma chanya hakibadilishi hilo neno.

Saa 1 na nusu napita wodini na daftari, sikai ofisini kwanza, maana karatasi ya usiku huwa na mashimo. Mstari wa 17 umeandikwa umri 9. Nafika kitandani namkuta mtoto kabebwa mgongoni, ni miezi 9! Ndo maana kwenye templeti yetu nimetenganisha namba na kizio, mwaka au mwezi, ila usiku watu wanakimbizana na dripu afu ile safu ya pili inarukwa, na mtoto wa miezi 9 akisomeka wa miaka 9 basi hata hesabu ya watoto chini ya miaka 5 inapotea. Mstari wa 16 nao ni kaka aliyeruhusiwa jana mchana akarudi usiku anaharisha tena, ugonjwa uleule, kwahiyo sio mgonjwa mpya. Sifuti mstari, naandika "amejirudia, angalia namba 2", maana ukifuta namba zinasogea na chupa za sampuli maabara zinabaki na namba za watu wengine. Mistari 17, wagonjwa 16.

Saa 4 naingiza kwenye eksel. G ni siku ya kuanza kuugua, H siku ya kufika, na pembeni nina hii ya kunikamatia makosa:

```
=IF(G2>H2,"KAGUA","")
```

Mtu hawezi kufika kabla hajaugua, ikitokea hivyo ujue tarehe imekosewa. Leo imeshika mmoja, nikarudi kumuuliza mkewe.

Saa 5 ndo kazi yenyewe. Mganga mfawidhi alikuwa na wasiwasi sana, jana Jumanne walifika 12 kwa mpigo wakati Jumatatu walikuwa 3 tu, na wanatoka vijiji 5 tofauti, akasema imeshasambaa kila mahali. Nikawapanga wale 12 kwa siku ya kuanza kuugua, sio ya kufika: Jumamosi 2, Jumapili 4, Jumatatu 5, Jumanne 1. Kumbe hakukuwa na mlipuko wa ghafla Jumanne, ziwa lilichafuka tangu Jumamosi, mitumbwi haikuvuka, upepo ulipotulia wakaja wote pamoja. Karibu wote walikaa na kiu na kuharisha siku moja hadi tatu ndo maana wengi wameandikwa C, upungufu mkali wa maji, na inaniuma kila nikisoma ile safu.

Na vile vijiji 5? Hiyo ni kwa sababu mvuvi ukimuuliza "unatoka wapi" anakutajia kwao. Kipindupindu kinaanza kati ya saa chache na siku 5 baada ya kumeza vimelea, kwahiyo tunachotaka kujua ni alilala wapi na kunywa maji gani siku hizo 5. Niliongeza safu mbili, "alilala wapi siku 5 kabla" na "maji ya kunywa", na tangu asubuhi nilikuwa nauliza kitanda kwa kitanda. Kati ya wale 12, 9 walikuwa dago moja, wanakunywa maji ya ziwa hapohapo wanapooshea dagaa, na choo hakuna.

Saa 7 nampelekea mganga karatasi. Hakusema mengi, akapiga simu kwa afisa afya, saa 8 boti imeondoka na klorini na pakiti za ORS kuelekea dago badala ya kugawanywa vijiji 5.

Saa 10 afisa afya anapiga: kuna mzee alifia kulekule Jumapili, aliharisha maji matupu, wameshamzika. Naye anaingia, mstari wa 18, safu ya kufika naandika "hakufika", matokeo "amefariki nje ya kituo". Kuna wanaobisha kwamba hakuwa mgonjwa wetu, mi nasema alikuwa wa mlipuko huu, ukihesabu waliofia kitandani tu unajidanganya.

Saa 11 natuma wilayani. Matokeo siachi wazi hata kwa mmoja, asiyeruhusiwa naandika "yupo wodini", maana nafasi tupu kila mtu anaijaza kichwani anavyotaka.

Saa 12 jioni nakabidhi zamu. Dada anafungua ukurasa, mama mmoja anaingizwa kwa machela, miguu imemsinyaa. Dripu kwanza. Ilipoanza kutiririka vizuri, namsikia dada anamwinamia binti wa yule mama: "Pole mwanangu. Mama juzi alilala wapi?"