Vidole viwili ndani ya ndoo

Ndama alizaliwa usiku wa manane, na hadi kunapambazuka alikuwa ameshakunywa lita 2 za dang'a kwa chupa yenye chuchu. Jioni yake akapewa lita 2 nyingine. Shangazi hakuniachia kazi hiyo. Aliniambia kwamba utumbo wa ndama hupokea kinga ya mamaye kupitia dang'a kwa saa chache tu za mwanzo, na ikifika saa 24 mlango huo umeshafungwa, kwa hiyo hapo hapakuwa mahali pa mwanafunzi kujaribia mkono. Nilikuwa na miaka 19, na nilikuwa nimekwenda kwake kujifunza ufugaji wa ng'ombe wa maziwa.

Siku ya tatu asubuhi ndipo aliponikabidhi ndoo. "Leo mfundishe kunywa," akasema, kisha akaenda kukamua.

Nilidhani kufundisha ni kumwonyesha maziwa. Nikaiweka ndoo chini, nikamshika ndama kisogoni na kumwinamisha. Alisukumana nami, akanyanyua kichwa, nikamwinamisha tena kwa nguvu zaidi hadi pua ikazama. Akakohoa kikohozi kibaya, maziwa yakamtoka puani, akarudi nyuma akitetemeka. Shangazi alikisikia kikohozi kile akiwa kule pa kukamulia, akaja mbio.

"Mwanangu, unamzamisha. Maziwa yakiingia mapafuni huna ndama tena, una mgonjwa wa nimonia."

Aliniweka kando kwa upole. Akaniambia nimtazame ndama anaponyonya mamaye: shingo imenyooka, kichwa kimeelekea juu. Ndivyo alivyozaliwa akijua. Kuinamia ndoo ni kinyume cha maumbile yake, kwa hiyo hawezi kulazimishwa, ila anaweza kuongozwa na kitu anachokijua tayari, yaani kunyonya.

Shangazi akanawa mikono, akanitaka na mimi ninawe na nimwonyeshe kucha zangu. Tukamrudisha ndama kinyumenyume hadi makalio yakagusa kona ya banda, asipate pa kukimbilia. Nikasimama nikiipanua miguu, shingo yake katikati ya mapaja yangu, sote wawili tukitazama mbele. Nikachovya vidole viwili kwenye maziwa, nikamtia mdomoni. Kwanza alivilamba, kisha ulimi ukavikunja na kuvivuta kwa nguvu ambazo sikuzitarajia kwa mtoto wa siku tatu.

"Sasa usimshushe yeye. Ipandishe ndoo."

Nikainyanyua ndoo kwa mkono wa pili hadi ikakutana na mdomo wake, kisha tukashuka pamoja kidogo kidogo, mkono wangu ukazama na vidole vikibaki mdomoni, nikivitenganisha ili maziwa yapite katikati. Matundu ya pua yalibaki juu ya maziwa muda wote. Hilo ndilo nililoambiwa nisiliondolee macho. Alivuta mara tatu, akaviachia, akanyanyua kichwa. Tukaanza upya. Mara ya sita au ya saba nilisikia sauti ya funda likishuka kooni, na mkia ukaanza kuchezacheza.

Kunyonya kule kuna kazi nyingine isiyoonekana. Ndama anaponyonya, mkunjo ulio mwishoni mwa koo hufumba kama mfereji na kuyapeleka maziwa moja kwa moja kwenye tumbo la nne, linaloweza kuyayeyusha. Yakimwagikia kwenye tumbo la kwanza, ambalo kwa umri huo halijaanza kazi, huchacha humo. Ndiyo maana shangazi hakupenda maziwa ya baridi wala ya kukisiwa. Yalipaswa kuwa na joto la mwili wa ng'ombe, nyuzi 38 au 39, na alipima kwa kipimajoto. Mkono uliotoka nje alfajiri, alisema, huyaona moto hata maziwa yaliyopoa.

Asubuhi ile alikunywa kama nusu lita tu kwenye ndoo. Lita moja na nusu iliyobaki tukampa kwa chupa, kwa sababu ndama mchanga hafundishwi kwa kushindishwa njaa kutwa. Alikuwa na kilo 35 hivi, na fungu lake la siku lilikuwa lita 4, mbili asubuhi na mbili jioni. Jioni alimaliza lita nzima. Siku iliyofuata nilikuwa nikivichomoa vidole polepole akiwa katikati ya kunywa. Akinyanyua kichwa navirudisha, asiponyanyua naviacha nje. Siku ya tano alijipeleka mwenyewe kwenye ndoo, nami nikabaki nimeishika tu.

Siku ya nane nikamkuta mkia umelowa. Kinyesi kilikuwa maji ya manjano iliyopauka, na harufu yake ilikuwa ya uchachu. Shangazi alimfinya ngozi ya shingo na kuiachia: ilirudi, lakini polepole kuliko kawaida. Macho hayakuwa yamezama, alisimama mwenyewe, na alipotiwa kidole bado alinyonya kwa nguvu. Daktari wa mifugo alipofika alisema dalili hizo ndizo zinazotuwezesha kumtibu kwa kunywesha. Angekuwa amelala na havuti kidole, angehitaji maji ya mshipani. Tukaendelea na maziwa yake kama kawaida, na katikati ya milo tukampa lita 2 za maji ya chumvi na sukari ya ndama, yaliyochanganywa kama pakiti ilivyoagiza. Siku ya tatu ya tiba kinyesi kilishikamana.

Ndama huharishwa na mambo mengi, na hakuna aliyepima kujua ni lipi lililompata huyu. Lakini jioni ile ya kwanza ya kuhara shangazi alikwenda kwenye ndoo yangu, iliyokuwa ikimeta, akapitisha kiganja ndani yake. Akanishika mkono, akanipitishia mimi pia. Chini ya ukingo na kuzunguka kitako kulikuwa na utelezi, kama jiwe la mtoni.

Akaniuliza naioshaje. Nikamwambia kwa fahari kwamba namwagia maji ya moto sana mara tu ndama anapomaliza, kisha nasugua kwa steelwaya.

"Ukimwagia ute wa yai maji ya moto unakuwaje?"

Unaganda. Na protini ya maziwa vivyo hivyo: nilikuwa nikiipikia kwenye ndoo kila siku, na juu ya ganda lile vijidudu vikajijengea utando. Steelwaya nayo ilikuwa imeichora plastiki michirizi ambayo brashi haifiki. Tangu siku hiyo nikaanza na maji ya uvuguvugu, nikisuuza hadi yatoke bila weupe. Ndipo yakafuata maji ya moto, kiasi cha kuhitaji glavu, pamoja na sabuni, na brashi laini ndani, nje, chini ya ukingo na kwenye shina la mpini. Chuchu ya chupa niliivua na kuigeuza ndani nje. Nikasuuza, nikatia dawa ya klorini kwa kipimo cha lebo, na kuvifudikiza vyote juu ya kichanja chenye nafasi ya hewa. Zamani nilikuwa nikizipachika ndoo moja ndani ya nyingine, na asubuhi nazikuta bado mbichi.

Ndoo ile haikuokolewa na usafi wowote, kwani michirizi ilikuwa imeshaingia. Shangazi alileta ya chuma kisichoshika kutu, akaiwekea alama ya ndama yule peke yake. Ya plastiki akaitoboa kitako kwa msumari wa moto, matundu manne, tukaifanya ya kubebea samadi, ili asitokee mtu siku ya haraka akaitia maziwa.