Saa Sita Zisizoandikwa

Barua ya kwanza niliiandika matanga hayajesha, hapa kwetu Shella, Malindi. Kurasa nne. Niliandika kwamba hospitalini wamemuua mtoto wa dada yangu. Shangazi, mkunga mstaafu, aliisoma akanirudishia.

"Mwanangu, hapa umelia. Watakupa pole, basi. Kaombe faili kwanza, kisha waandikie saa."

Faili ni haki ya mgonjwa mwenyewe, kwa hiyo ombi lilisainiwa na dada, akaniandikia na ruhusa ya kulichukua. Tulitaja Sheria ya Kupata Habari ya 2016, inayoipa ofisi ya umma siku 21 kujibu. Nakala tulizipata.

Shangazi aliifungua patografu, ile chati ya leba, akapitisha kidole. Saa mbili usiku: njia sentimita tano, moyo wa mtoto 140. Kidole kikaenda mbele, hakuna kitu. Alama iliyofuata ilikuwa ya saa nane: moyo 90, maji ya kijani. Thieta walimwingiza saa kumi, na mtoto akatolewa hana uhai.

"Moyo husikilizwa kila nusu saa," alisema taratibu. "Njia hupimwa kila baada ya saa nne." Nikataka kuandika kwamba hawakumpima kabisa. Akanizuia: nafasi tupu inaonyesha hakikuandikwa kitu, haithibitishi kwamba hakikufanyika. Hilo ndilo la kuchunguzwa, na ndipo nilipoelewa kwa nini barua yangu ya kwanza ingeishia kwenye droo.

Ya pili ilikuwa ukurasa mmoja. Tuliuliza nani alikuwa zamu, alikuwa na wazazi wangapi, daktari aliitwa saa ngapi, na kwa nini zilipita saa mbili kabla ya thieta. Tukaomba uchunguzi rasmi, majibu kwa maandishi, na faili halisi lihifadhiwe lisiongezwe neno. Moja ilikwenda kwa bodi ya hospitali, nyingine Wizara ya Afya, Nairobi. Nakala yangu nilihakikisha imegongwa muhuri wenye tarehe.

Wizara ilijibu kwamba tangu ugatuzi wa 2013 hospitali hiyo iko chini ya kaunti, na barua imepelekwa huko. Mwenendo wa daktari au muuguzi mmoja mmoja hushughulikiwa na mabaraza yao ya taaluma. Nilikasirika, nikidhani tunarushwa huku na huku. Lakini idara ya kaunti, ikishaona barua ya wizara, iliihimiza bodi.

Tuliitwa. Dada alieleza mwenyewe, sauti ikikatika, jinsi alivyoita mara tatu akaambiwa asubiri. Hakuna aliyemkatiza.

Ripoti ilikuja baada ya miezi: vipimo havikufanyika, mkunga alikuwa mmoja kwa wazazi tisa, daktari aliitwa amechelewa. Dada aliisoma mara mbili, akaikunja, akaitia ndani ya kitabu chake cha kliniki.