Duka limejaa mzigo ila hela hakuna: nilivyojua mtaji wangu umelala wapi

Mtu akikuambia duka likikauka hela dawa ni kuongeza mtaji, mkimbie. Mi shemeji yangu aliniambia hivyo na akaniunganisha na mtu wa mkopo, milioni 20, nikajaza stoo zaidi, na miezi michache baadaye nahangaika na rejesho huku duka linapendeza kwa macho. Nauza vifaa vya ujenzi hapa Morogoro, saruji, nondo, misumari, rangi, vigae na masinki, na wateja hawakosi. Ndo kitu kilichokuwa kinaniudhi, wateja wapo, mauzo yapo, hela hamna.

Kilichonitoa ni hesabu tatu za kugawanya tu ambazo binti wa dada yangu anayesoma uhasibu alinionesha. Tukafungua madaftari ya mwaka mzima. Mauzo kama milioni 180. Ule mzigo wenyewe niliouuza niliununua kwa kama milioni 150. Stoo ilikuwa na wastani wa mzigo wa milioni 60 kwa bei ya kununulia. Hapa wengi wanachemka, wanachukua mauzo wanagawanya kwa mzigo wa stoo. Mauzo yana faida ndani yake na stoo haina, kwa hiyo unajipaka mafuta bure. Gawanya bei ya kununulia ya ulivyouza, yaani 150 kwa 60, ni mara 2.5 kwa mwaka, huo ndo mzunguko wa mzigo. Siku 365 ukigawanya kwa 2.5 unapata 146, maana yake mzigo ukiingia kwangu unakaa karibu miezi mitano ndo utoke. Na ule wastani usiupate kwa kuhesabu Desemba tu, wakati watu wanakimbizana kumaliza nyumba na stoo iko nyeupe, chukua mwisho wa kila mwezi ugawanye kwa 12.

Shemeji kusikia mzigo unakaa, akaja na dawa nyingine, punguzo asilimia 10 duka zima. Aisee! Tukaandika bango kubwa jekundu. Saruji naipata kwa kama 15,000 mfuko nauza 15,600 hivi, sasa toa asilimia 10 hapo uone, kila mfuko unaotoka nautoa na buku yangu juu. Na ilitoka kweli! Wenye vibanda vya mtaani walikuja na maguta wakabeba, wengine naamini walienda kuiuza bei ya kawaida hatua mia mbili kutoka kwangu. Vigae? Havikuguswa, watu waliviangalia wakasema vizuri wakanunua misumari. Cha kuchekesha, ile namba ya mzunguko wa mzigo ilipanda mwezi huo. Kwa hiyo mzunguko kupanda peke yake usikutoe machozi ya furaha, angalia na faida inasemaje.

Nilipokaa nikagundua ile 2.5 ni uji wa mchanganyiko, haisemi kitu mpaka uutenganishe. Nikapanga mzigo kwa makundi. Saruji kwa mwaka nilinunua ya milioni 60 na stoo huwa na kama milioni moja na nusu, hiyo ni mara 40, inakaa siku tisa. Vigae, masinki na rangi, stoo ina milioni 35 na kilichotoka mwaka mzima ni cha milioni 21. Mara 0.6! Yaani zaidi ya mwaka mmoja na nusu kuuza kilichopo. Zaidi ya nusu ya hela ya stoo ilikuwa imelala kwenye kona moja, na mkopo wa shemeji uko humohumo.

Kwa nini vigae havitoki? Nikachukua maka peni nikaandika mwezi wa kuingia kwenye kila boksi, tukapanga upya. Kumbe karibu yote yaliyolala ni mabaki, boksi nne za rangi hii, boksi sita za ile, na ukiagiza nyingine za jina lilelile zinakuja toleo tofauti, rangi inapishana kidogo na mteja anaona. Boksi sita hazitoshi sebule, kwa hiyo hakuna wa kuzichukua hata umpunguzie vipi. Bei haikuwa tatizo kabisa. Nikaita mafundi wawili wa vigae nikawauliza choo kidogo kinakula boksi ngapi. Choo cha mita 1.2 kwa 1.8 ni kama mita mraba mbili na kidogo, boksi moja linafunika kama moja na nusu, kwa hiyo boksi mbili zinatosha sakafu, weka na ukuta kidogo unamaliza nne. Basi! Nikafunga mafungu ya "choo kizima", vigae, gundi yake, sinki moja kati ya yale yaliyolala, bei moja, na fundi akileta mteja ana chake. Wenye nyumba za kupangisha walibeba mpaka nikashangaa.

Madeni nayo yana mtego wake. Nadai wastani wa milioni 24. Ukigawanya mauzo yote 180 kwa 24 unapata 7.5, siku 49, unalala usingizi. Ila anayelipa taslimu hana deni, anafanya nini kwenye hesabu hiyo? Mauzo ya mkopo yalikuwa milioni 72 tu. 72 kwa 24 ni mara 3, siku 122. Wakati anayeniletea nondo ananipa siku 30! Na hapo pia tenganisha, milioni 9 ilikuwa ya mkandarasi mmoja, zaidi ya mwaka. Ukimtoa yeye inabaki 15, mzunguko unakuwa 4.8, siku 76, wengine ni wazito ila sio wabaya vile. Huyo alilipa sita kwa mbinde na tatu nimezifuta. Wengine nimewawekea mzigo kwa hatua, wa kuta hautoki kama wa msingi haujalipwa.

Hesabu ya tatu ni mauzo kwa mali zote za biashara. Stoo 60, madeni 24, kirikuu na mashine ya tofali 32, hela mkononi 4, jumla 120. 180 kwa 120 ni 1.5, kila shilingi niliyoweka inaleta mauzo ya shilingi moja na nusu. Jirani yangu anakodi gari na hana mashine, yeye anacheza kwenye mbili na nusu. Ila usijilinganishe na mwenye duka la dawa au mwenye kiwanda, na kama gari umelinunua mwezi jana namba itashuka tu kabla halijafanya kazi. Mimi mashine ya tofali ilikuwa imefunikwa turubai muda mrefu, nimeiuza.

Mwaka uliofuata stoo imekaa kwenye 39 na mzigo uliouzwa umenigharimu kama 156, mara 4. Madeni yamefika mara 6, ingawa zile tatu nilizofuta zimesaidia namba bila kuniletea hata mia. Mauzo yamepanda kidogo tu, 186 hivi, ila mali zote sasa ni kama milioni 80, hiyo ni 2.3, na mkopo nimeumaliza kwa hela iliyotoka kwenye kona ya vigae na kwa wadaiwa.

Saruji ndo imenisumbua kinyume, mara 40 ni nyingi mno, Jumamosi inaisha saa nne asubuhi na mteja akienda kwa jirani kufuata saruji ananunua na nondo hukohuko. Sasa Ijumaa naongeza mifuko 60.