Mjomba aliniona Mikumi, mimi niko Ruaha Mbuyuni

Mwezi uliopita nilipanda basi la saa kumi na mbili asubuhi pale Mbezi, Dar, kwenda Iringa. Mjomba aliyekuwa anipokee hapendi kukaa stendi bila sababu, akaniambia nimtumie lokesheni inayotembea. Ile ya WhatsApp mwisho wake ni muda wa saa 8, na basi likichelewa kidogo tu inakata kabla ya Kitonga. Kwa hiyo nilitumia Google Maps: nikabonyeza picha yangu juu kulia, `Location sharing`, nikaweka muda wa saa 12, nikanakili linki na kumtumia kwa WhatsApp. Linki inakubali mpaka saa 24.

Tulipopita Morogoro chaji ilikuwa asilimia 30, nikawasha `Battery Saver`, nikalala.

Nilishtuliwa na simu. "Mpwa wangu, mmepata nini huko Mikumi? Saa nzima hamsogei!" Nikachungulia dirishani: wachuuzi wa vitunguu wa Ruaha Mbuyuni. Mikumi tuliiacha zamani. Wakati bado tunaongea, akasema pini imeruka yenyewe mpaka nilipo.

Iliruka kwa sababu nilikuwa nimewasha kioo. Kwenye simu yangu, hali ya kuokoa chaji inazima GPS kioo kikizimika, basi pini inabaki pale simu ilipoonekana mara ya mwisho. Mjomba alikuwa anatazama alama ya zamani akidhani ni basi limeharibika. Jibu lilikuwa mbele yake: ukigusa ile picha ndogo kwenye ramani, inakuandikia imesasishwa dakika ngapi zilizopita. Ikisema dakika 50, usiulize basi lina nini, uliza simu ina nini. Piga. Ikiita, kuna uwezekano mkubwa ni bando limeisha au chaji inaokolewa. Isipopatikana, mtandao umekata au simu imezima. Muda wa kushiriki ukiisha, linki haionyeshi tena ulipo.

Nilizima `Battery Saver`, nikaazima pawabenki ya jirani yangu. Kisha nikaingia kwenye mipangilio ya programu ya Maps: ruhusa ya lokesheni nikaiweka `Allow all the time`, betri nikaiweka `Unrestricted`. Kitonga pini ilisimama tena kidogo, ila safari hii mjomba alisoma dakika kwanza, hakupiga.

Alikuwa na jambo lingine la kufanya. Tukiwa Ilula nikapigiwa na binamu yangu wa Mwanza, ananiuliza Ilula nimefuata nini. Kumbe mjomba kairusha linki kwenye grupu la ukoo, watu 60 na kitu, na mwenye linki yeyote anaona. Nilipomwona tu stendi ya Igumbilo, kabla hata ya shikamoo, nikaingia `Location sharing` nikaifuta.