Siku Moja Maishani Mwangu: Siku Niliyotangaza Ada Mpya ya Jimu

Saa 11 alfajiri nafungua jimu yangu hapa Tabata, Dar es Salaam. Hadi saa 3 asubuhi wa alfajiri wameshaondoka, nimepiga deki, nimefuta mabenchi na kununua LUKU.

Saa 4 nakaa na barua. Watu huona vyuma na muziki, wakadhani hela inaingia yenyewe. Nina wanachama 90 wanaolipa 40,000 kwa mwezi, jumla 3,600,000. Mwenye nyumba amepandisha kodi kutoka 1,200,000 hadi 1,500,000, na anataka ya miezi 6 kwa mkupuo. Matengenezo ya mashine za kukimbilia yameongeza kama 50,000. Pengo ni 350,000 kila mwezi. Nikitoza 45,000 na wote wakabaki, napata 450,000 zaidi. Wakiondoka 2, pengo bado linazibika. Wakiondoka 10, narudi kwenye 3,600,000 ileile, na kodi imeshapanda. Kwa hiyo kila neno nalipima.

Bei naiweka mstari wa kwanza: “Ndugu mwanachama, kuanzia tarehe 1 Novemba ada ya mwezi itakuwa shilingi 45,000 badala ya 40,000.” Leo ni tarehe 1 Septemba, wana miezi miwili ya kujipanga. Kodi naitaja kwa tarakimu, maana ukiandika “gharama zimepanda” tu, mtu anahisi anafichwa kitu. Aliyelipia mwaka mzima haongezi hata senti mpaka kadi yake iishe. Anayetaka kuondoka hadaiwi chochote.

Saa 8 naituma wasapu na kuibandika ukutani. Haipiti muda, kaka mmoja anaingia, hata viatu hajabadilisha.

“Dada, mimi niko hapa tangu unafungua. Niachie ya zamani, iwe siri yetu.”

“Kaka yangu, siwezi. Hawa wote wanaongea wakiwa kwenye benchi. Wakijua, barua yangu haina maana tena.”

Hakuondoka. Alisimama mezani, akanionyesha jimu nyingine za bei chini, akataka tuhesabu kodi pamoja. Tukahesabu. Wateja wawili wakasubiri risiti, simu inalia, yeye bado. Mwisho akauliza: “Basi nikilipa mapema je?”

Hapo nikatulia. Akilipa miezi 3 kabla ya Novemba kwa 40,000, nakosa 15,000 kwake, lakini nashika 120,000 wakati ninapodaiwa kodi ya mkupuo. Nikakubali, ila kwa wote: mwisho miezi 3, mwisho tarehe 31 Oktoba. Nikaongeza mstari huo kwenye barua na kuituma upya.

Jioni sikumbuki hata saa. Miguu inauma, kundi la saa 12 limejaa, na meseji zinaingia. Mmoja amesema anaondoka Oktoba ikiisha. Nimemshukuru na kuandika jina lake daftarini. Wanne wameuliza namba ya kulipia miezi 3.

Saa 4 usiku nafunga.