Mzio wa kamba ukubwani

Mdogo wangu amekula kamba tangu utotoni, lakini leo mchana, dakika chache baada ya kula, midomo ilimvimba na vipele vikamtoka.

Daktari aliyempa dawa alieleza kwamba huo ni mzio: kinga ya mwili ilikwisha kuidhania protini ya kamba kuwa adui, ikatengeneza kingamwili zilizojibandika kwenye seli za kinga zilizomo katika ngozi na utumbo, na protini hiyo iliporudi, seli hizo zikamwaga histamini, ambayo hupanua mishipa midogo ya damu hadi ikavuja majimaji.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba protini inayofanana nayo imo pia ndani ya mende, ambao vumbi lao tunalivuta kila siku majumbani!

Nani mwingine amegeukwa na chakula alichokizoea?